Mchezaji anapoonewa na wenzake kwa sababu amepangwa: namna ya kuandika kumbukumbu

Jumatano tarehe 15 Mei 2024, baada ya mazoezi ya jioni, binti wa kidato cha pili alinikuta stoo nikihesabu mipira. "Shikamoo madamu." Nikaitikia marahaba. Akasimama kidogo, mikono nyuma, kisha akasema, "Madamu, naomba niache netiboli."

Wiki moja kabla nilikuwa nimemtaja kwenye kikosi cha kwanza cha shule, bibu ya GA, mmoja wa wafungaji wawili wa timu, kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya kata. Bibu hiyo ilikuwa imevaliwa miaka miwili na dada wa kidato cha nne. Nilimuuliza binti kama anaumwa, akasema hapana. Nikamwambia apumzike, kesho tutaongea. Kesho hiyo ilifika baada ya siku tano, na kwa siku zote hizo sikuandika neno lolote mahali popote. Tulipokuja kukaa na jambo lile, kila mtu alikuwa na habari yake, na mimi niliyeambiwa wa kwanza sikuwa hata na tarehe ya uhakika. Ilibidi nihesabu kurudi nyuma kwa kukumbuka siku mipira ilipojazwa upepo.

Ninayoandika hapa ni utaratibu tuliouweka baadaye. Ni wa shule ya sekondari ya kutwa yenye hosteli ya wasichana, lakini klabu ya mtaani inaweza kuufuata kwa mabadiliko machache nitakayoyataja.

Hatua ya 1: Andika uteuzi kabla hujautangaza

Uonevu wa aina hii una neno lake la kuanzia: "umependelewa". Ukianza kuchunguza bila karatasi ya uteuzi, utajikuta kila unayemuuliza anakuuliza wewe kwa nini fulani ameachwa. Kesi ya mtoto aliyeonewa inageuka kuwa rufaa ya kikosi.

Karatasi ya uteuzi ni ukurasa mmoja. Juu yake unaandika tarehe za mchujo, majina ya waliochagua (wasipungue wawili), na vigezo vilivyotumika, visizidi vinne. Kwa nafasi ya GA sisi tulitumia mitupo iliyoingia kati ya 20 kutoka umbali wa kati ndani ya nusu duara, mahudhurio ya mazoezi kwa wiki nne, na jinsi anavyojiweka wazi kupokea pasi ya senta. Binti wa kidato cha pili aliingiza 15. Dada aliingiza 12, na alikosa mazoezi matano. Karatasi isainiwe na kupelekwa kwa mkuu wa shule kabla orodha haijabandikwa ubaoni, maana karatasi iliyoandikwa baada ya manung'uniko kuanza haina nguvu.

Halafu iache huko huko. Mchezaji aliyeachwa ana haki ya kuuliza, na aelezwe peke yake, kwa heshima, namba zake zikiwa mbele yake. Ila malalamiko yake yaende kwenye faili la uteuzi. Ya mtoto aliyeonewa yana daftari lake. Mafaili haya mawili yasikae pamoja, kwa sababu hata kama nilikosea kupanga kikosi, kosa hilo ni langu, na raba za mtoto hazistahili kulowekwa kwenye maji ya deki kwa ajili yake.

Hatua ya 2: Aliyechagua kikosi asiwe mwandishi wa kesi

Hapa ndipo shule nyingi hukwama, nasi tulikwama. Mwalimu wa michezo ndiye anayewajua wachezaji, kwa hiyo kila mtu anamsukumia jambo. Lakini katika ugomvi wa uteuzi yeye ni mhusika. Anatuhumiwa kupendelea, na mtoto anayeonewa anaitwa "kipenzi cha madamu". Chochote atakachoandika kitasomwa kama utetezi wake mwenyewe.

Kazi ya mwalimu wa michezo ni kupokea, kuandika alichoambiwa kwa maneno ya aliyemwambia, na kukabidhi siku hiyo hiyo kwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Kama shule ina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, mwalimu wa dawati hilo ndiye wa kukabidhiwa. Baada ya hapo mwalimu wa michezo anabaki shahidi kama mashahidi wengine, naye anaandika maelezo yake na kusaini.

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kawaida. Kurasa zipigwe namba kwa kalamu ya wino kabla halijaanza kutumika, ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno, liendelee kusomeka, na uweke saini pembeni. Likae kwenye kabati lenye kufuli, na wenye ufunguo wawe wawili tu.

Hatua ya 3: Msikilize kwanza, kisha andika maneno yake

Binti alipoitwa na mwalimu wa malezi, Jumatatu tarehe 20, alikaa kimya karibu dakika kumi. Mwalimu hakumkimbiza. Alimwambia mambo mawili: kwamba hawezi kumwahidi kuificha habari hii, maana wapo watu watakaopaswa kujua ili wamsaidie, na kwamba atamwambia ni akina nani kabla ya kuwaambia. Halafu akamwomba, "Nieleze tangu siku orodha ilipobandikwa."

Ombi la namna hiyo ndilo la kuanzia. Swali la "Ni dada fulani aliyekufanyia?" linampa mtoto jibu mdomoni, na siku ya kuulizwa na watu wengine jibu hilo halitasimama. "Kwa nini hukusema mapema?" nalo lisiulizwe kabisa, maana mtoto hulisikia kama lawama.

Kwanza angalia rekodi mbaya, ambayo nimeiona kwenye madaftari mengi:

"Mwanafunzi analalamika kunyanyaswa na wenzake kwa wivu. Wameonywa."

Haina kitendo, haina mahali, haina siku. Tena ina hukumu ndani yake. Wivu ni mawazo ya mwandishi, hakuna aliyeuona. Sasa angalia alivyoandika mwalimu wa malezi:

"Imepokelewa Jumatatu 20/5/2024, saa 10:40 jioni, ofisi ya malezi. Waliokuwepo: mwanafunzi, matroni wa hosteli (kwa ombi la mwanafunzi), mimi. Amesema: 'Alhamisi asubuhi nilikuta raba zangu kwenye ndoo ya maji ya deki, bafuni. Dada mmoja alikuwa anapiga mswaki, akasema, kula nafasi ya watu kutakutokea puani. Wengine wawili wakacheka.' Nimeziona raba saa 11:05 jioni, bado mbichi, soli ya kushoto imebanduka. Picha imepigwa."

Utaona maneno ya mtoto yamewekwa ndani ya alama za kunukuu, na aliyoyaona mwandishi mwenyewe yamekaa mbali nayo. Kama tusi limetamkwa kwa lugha ya nyumbani, liandike kwa lugha hiyo hiyo, na tafsiri uiweke chini. Usilisafishe, kwa sababu uzito wake utapotea. Jina la dada halikosekani. Liko kwenye karatasi ya majina iliyofungwa nyuma ya daftari, na ndani ya maelezo kila mtu ana herufi yake. Kwa njia hiyo daftari linaweza kusomwa mbele ya bodi ya shule bila majina ya watoto kutapakaa.

Jambo dogo kuhusu saa, ambalo lilitusumbua kuliko nilivyodhani. Watoto husema saa za Kiswahili, simu huandika saa za kimataifa. Mchezaji mmoja wa kutwa alileta picha ya skrini kutoka kikundi cha wasapu cha timu, ikionyesha 22:14, na maelezo ya mtoto yalisema "saa nne usiku". Ni saa ile ile, lakini mtu asiye makini angedhani zinapishana. Amueni kutumia moja, na palipo na nyingine muweke zote mbili. Picha ya skrini iandikwe pia imetoka kwenye simu ya nani na nani ameileta. Ile ilikuwa simu ya mama yake, naye mama alitia saini. Msiishike simu na kuanza kuperuzi kila kitu kilichomo.

Hatua ya 4: Hesabu kinachoonekana uwanjani

Ya hosteli ni rahisi kuyaeleza. Ya uwanjani ndiyo hujificha, kwa sababu kumchunia mchezaji kunafanana na mchezo wenyewe. "Hakuwa wazi, madamu." Utamjibu nini?

Katika netiboli, pasi ya senta lazima ipokelewe ndani ya theluthi ya kati, na GA ni mmoja wa wapokeaji wachache wanaoruhusiwa kuingia hapo. Tena ni mmoja wa wawili tu wanaoruhusiwa kufunga. Timu ikimsusia GA wake, GS, mfungaji mwenzake, anabaki peke yake chini ya goli, na timu yenyewe inaumia. Hilo lilinidanganya kwa muda. Nilidhani hakuna kikosi kinachoweza kujihujumu hivyo. Kinaweza.

Nilimwomba mwalimu wa Jiografia, ambaye hana upande kwenye timu, akae pembeni na karatasi yenye safu mbili. Ya kwanza ni mara GA alipokuwa wazi na kuomba mpira. Ya pili ni mara alipopewa. Wazi maana yake hakuna mlinzi kati yake na mwenye mpira, na mkono ameunyoosha. Bila maana hiyo iliyokubaliwa mapema, kila mhesabuji atahesabu lake.

Siku ya kwanza alikuwa wazi mara 14, akapewa 3. Siku ya pili 16, akapewa 4. Siku ya tatu tulimhamishia kikosi cha pili kwa robo mbili, miguu ile ile na mikono ile ile, akawa wazi mara 9 na kupewa 7. Kisha tukamrudisha dada kwenye GA kwa robo mbili na kikosi cha kwanza: mara 8, akapewa 7.

Namba hizi zina kikomo, na kikomo hicho kiandikwe chini ya karatasi. Hazisemi nani ameagiza. Haziwezi kusema kama ni chuki au mazoea ya miaka miwili ya kumtafuta dada kwa macho. Mazoea hupungua kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo siku mbili hazitoshi kuhukumu. Zinaonyesha tu kwamba kasoro haiko kwa mpokeaji. Kwetu hilo lilitosha, kwa sababu hadi siku hiyo kila mtu, mimi nikiwemo, alikuwa anamwambia binti aongeze bidii ya kujiweka wazi.

Mhesabiwa asijue anahesabiwa, wala wenzake wasijue. Na kazi hii asipewe mwanafunzi. Utakuwa umemtengenezea uadui mpya.

Hatua ya 5: Wahoji wenzake mmoja mmoja, kwa siku moja

Kosa la kwanza linalofanywa na watu wenye nia njema ni kuwakutanisha. Wanaitwa wote ofisini, mtoto mmoja mbele ya sita, anaambiwa aseme tena, kisha wapeane mikono. Mtoto anasema "yameisha", na kweli yanaisha mbele ya mwalimu. Suluhu ya kupeana mikono ni ya watu waliogombana wakiwa sawa. Dan Olweus, mtafiti wa Norwe aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970, aliutofautisha na ugomvi wa kawaida kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kujirudia, na nguvu zisizolingana. Hapa nguvu ni idadi, umri na kitanda cha chini hosteli. Kwenye daftari usiandike "ugomvi" hadi umeyapima hayo matatu.

Kwa hiyo wahojiwe mmoja mmoja, jioni moja, na walimu wawili katika vyumba viwili, kila anayemaliza asirudi kwa wanaosubiri. Maswali yawe yale yale manne kwa wote: uliona nini, ulisikia nini, ulikuwa wapi, nani mwingine alikuwepo. Anza na walio pembeni mwa kundi, maana hao hawana cha kulinda. Kwetu aliyefungua mlango alikuwa mchezaji wa akiba ambaye hakuwahi kuulizwa chochote na mtu yeyote. Nahodha aje karibu na mwisho, na anayetuhumiwa zaidi aje wa mwisho, apewe nafasi kamili ya kueleza upande wake, maelezo yake yaandikwe kwa uangalifu ule ule wa kunukuu. Kila mmoja asomewe maelezo yake na asaini. Akikataa, andika amekataa.

Dada alikiri raba. Pasi alikana. Alisema pia jambo ambalo halikuwa kwenye wazo letu: kwamba aligundua ameachwa kwa kusoma ubao, mbele ya wadogo zake, baada ya miaka miwili. Hilo tuliliandika pia, kwa sababu ni kweli, na halifuti raba.

Hatua ya 6: Andika uamuzi, na hasa nani ameuomba

Njia ya mkato ipo na inavutia: mtoe mtoto kwenye kikosi "kwa usalama wake". Kuanzia hapo kila mchezaji wa shule hiyo anajua jinsi nafasi inavyorudishwa. Ikiwa yeye mwenyewe anataka kupumzika, andika maneno yake, tarehe, na aliyekuwepo. Ikiwa ni uongozi umeamua, andika jina la aliyeamua na sababu. Sentensi "ilionekana ni vyema apumzishwe" isikubaliwe kwenye daftari. Ilionekana na nani?

Uamuzi wetu ulikuwa na vipengele vinne. Dada alisimamishwa mechi moja na wazazi wake wakaitwa. Gharama ya raba ililipwa na familia yake. Matroni aliwahamisha vitanda, na aliyehamishwa hakuwa mwonewa. Kikundi cha wasapu kilifungwa, matangazo ya timu yakarudi ubaoni. Hakuna lililosomwa mstarini asubuhi. Adhabu ya mbele ya shule nzima mwonewa huilipia usiku, taa zikishazimwa.

Ufuatiliaji una tarehe zake zilizoandikwa kabla: siku ya 3, ya 7, ya 14, na siku moja kabla ya kuondoka kwenda kambini. Kila mara swali ni moja, "Tangu tulipoonana kimetokea nini?", na jibu lake hunukuliwa hata likiwa "hakuna".

Mambo yasiyoishia kwenye daftari la shule

Jeraha la mwili, kuguswa au kuvuliwa nguo, picha za utupu, kutishiwa kwa silaha, au mtoto kusema anataka kujidhuru: hapo uchunguzi wa shule unasimama. Andika ulichoambiwa na ulichokiona, usiulize zaidi, usioshe wala kutupa nguo, na mtoto asiachwe peke yake. Mkuu wa shule anapiga simu kwa mzazi na kwa afisa ustawi wa jamii, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako fomu ya PF3 hutolewa kwa ajili ya matibabu ya majeraha. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Daftari litaandika saa ya kila simu na aliyeipokea.

Kwa klabu

Klabu ya mtaani mara nyingi ina mtu mmoja aliye kocha, katibu na dereva. Kanuni ya hatua ya 2 haibadiliki kwa sababu hiyo. Chagueni mjumbe wa kamati asiyehusika na kikosi, au mzazi ambaye mtoto wake yuko rika jingine, jina lake litangazwe mwanzoni mwa msimu, siku ambayo hakuna kesi. Akichaguliwa katikati ya kesi, ataonekana amewekwa na upande mmoja.

Tahadhari nyingine ni kusambaa kwa habari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za mtoto kuonewa ni taarifa nyeti kwa maana yoyote ya neno. Daftari halipigwi picha na kutumwa kwenye kikundi cha kamati, hata kwa nusu saa.

Hatua ya 7: Makabidhiano ya kambi

Mchezaji akichaguliwa timu ya kata, kisha ya wilaya, analala kambini na wachezaji wa shule nyingine, na pengine na mmoja wa waliomwonea. Daftari haliendi naye. Inaenda barua ya nusu ukurasa kwa kiongozi wa msafara, mkononi, isomeke hivi: mchezaji huyu asilale chumba kimoja na fulani, akiomba kupiga simu kwa mwalimu wa malezi aruhusiwe, lolote likitokea liandikwe siku hiyo. Kisa chote hakimo. Kiongozi anasaini nakala, nakala inarudi kwenye daftari.

Binti wetu alikwenda na timu ya wilaya. Dada hakuchaguliwa. Maelezo ya siku ya 14, ukurasa wa 9, yamenukuliwa hivi: "Pasi napata. Hosteli bado wawili hawaniongeleshi. Raba mpya zinanibana kidogo." Chini yake mwalimu wa malezi ameandika tarehe ya kuonana tena, na ukurasa wa 10 unaanza na majibu ya siku hiyo.